Andika Jumatatu Zote kwa Mkupuo Mmoja

Fundi cherehani akipewa kazi ya sare za darasa zima hakati shati moja akalishona mpaka vifungo, kisha akarudi kukata la pili. Anatandika kitambaa, anakata mikono yote, kola zote na migongo yote, ndipo anakaa kwenye mashine. Kila aina ya kazi anaifanya kwa mkupuo, mkono ukiwa umeshaizoea. Watu wengi wanaotengeneza video peke yao hufanya kinyume chake. Kila asubuhi wanajiuliza waposti nini, wanatafuta wazo, wanaandika, wanasimamisha simu, wanarekodi, wanahariri na kupakia, vyote kwa ajili ya video moja. Wiki ya kwanza inapita vizuri. Wiki ya tatu mtu hana la kusema, na ukurasa unanyamaza.

Dawa yake ni kuandika skripti za mwezi mzima kabla mwezi haujaanza, na kuzipanga kwenye kalenda ambayo kila siku ya wiki ina mada yake. Wengi wameshaisikia shauri hiyo, na wengine wameijaribu wakaishia na karatasi nzuri ukutani na video zilezile za kukimbizana. Tatizo kwa kawaida ni mpangilio wa kuandika: wanaandika wiki ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Anayefanya kazi peke yake anapaswa kuandika Jumatatu zote kwa pamoja, kisha Jumatano zote, kisha Ijumaa zote. Tutaona sababu yake kwa kufuata mfano mmoja hatua kwa hatua.

Tumchukue fundi cherehani wa Morogoro, mwanamke mwenye kibanda chake, anayefundisha ushonaji kwa video za sekunde 60. Ana simu, stendi na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Hana msaidizi, na mchana wateja wanamsubiri. Mwezi wake ni Novemba 2026.

Siku tatu zinatosha

Jambo la kwanza ni kuamua ni siku zipi zitakuwa na video. Ratiba ya siku tano kwa wiki huvutia kwenye karatasi, lakini Novemba 2026 ina siku 21 za kazi, na kwa mtu mmoja mwenye kazi nyingine hizo ni video nyingi mno. Fundi wetu anachagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati anazitumia kujibu maoni na kushona.

Mada ya siku lazima iwe pana kiasi cha kubeba miezi, na iwe nyembamba kiasi kwamba ukiitaja tu, wazo linakujia. "Ushonaji" ni pana mno. Haikusaidii kuamua chochote. "Kupachika zipu" ni nyembamba mno. Baada ya video nne umeimaliza. Kipimo chake ni rahisi: chukua kalamu uandike mawazo 12 ya mada hiyo bila kusimama. Ukikwama kwenye la tano, ipanue au iache.

Mada tatu za fundi wetu zimepita mtihani huo. Jumatatu ni Vipimo: kila video inafundisha kipimo kimoja cha mwili. Jumatano ni Mashine: kila video inachukua ugonjwa mmoja wa cherehani, dalili yake, chanzo chake na tiba yake. Ijumaa ni Swali: mtazamaji ameuliza, fundi anajibu.

Mada hizo zinatofautiana pia kwa namna ya kurekodi. Vipimo vinahitaji mtu wa kupimwa na futi ya fundi. Mashine inahitaji simu iliyosogezwa karibu kabisa na sindano. Swali linahitaji uso wa fundi na meza tu. Kama siku zote tatu zingetaka mtu wa kupimwa, ratiba ingekwama siku mtu huyo asipopatikana.

Kupanga mwezi kuanzia mwisho

Katikati ya Oktoba anakusanya mawazo. Hayatoi kichwani. Anapitia maoni ya video zilizopita, ujumbe wa simu, na maneno ambayo wateja wamesema kibandani. Kila wazo analiandika kwa mstari mmoja, kwa maneno ya aliyeuliza. Mteja hasemi kwamba uwiano wa nyuzi umevurugika. Anasema uzi unajikunja chini. Maneno hayo ndiyo mtazamaji mwingine atakayoyatafuta na kuyatambua.

Kisha anaitazama kalenda na kuuliza nini kinakuja baada ya Novemba. Desemba ina harusi, sendofu na sikukuu. Januari shule za Tanzania zinafungua mwaka mpya wa masomo. Video inayosaidia lazima itoke kabla mtu hajanunua kitambaa, kwa hiyo mambo ya sherehe yanawekwa mapema na katikati ya mwezi, na sare zinafunga mwezi. Anayeposti somo la kupima sare baada ya shule kufunguliwa amefundisha watu waliokwisha kushona.

Novemba 2026 inaanza Jumapili, hivyo ina Jumatatu tano, Jumatano nne na Ijumaa nne. Nafasi ni 13. Anazijaza hivi:

Jumatatu, Vipimo
- 2: Kiuno kiko wapi hasa
- 9: Bega, kuanzia mfupa hadi mfupa
- 16: Urefu wa gauni la sherehe, mteja akiwa amevaa viatu vyake
- 23: Urefu wa mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo
- 30: Kumpima mwanafunzi anayekua

Jumatano, Mashine
- 4: Mishono inaruka
- 11: Uzi wa juu unakatika
- 18: Uzi unajikunja chini ya kitambaa
- 25: Mafuta, na kitambaa chakavu cha kushonea kwanza

Ijumaa, Swali
- 6: Je, kitenge kioshwe kabla ya kukatwa?
- 13: Nguo imebana, inaweza kuachiwa?
- 20: wazi
- 27: wazi

Ijumaa mbili za mwisho zimeachwa wazi kwa makusudi. Maswali yatakayoulizwa Novemba hayajulikani Oktoba, na mtazamaji akiona swali lake la wiki iliyopita limejibiwa, anajua kuna mtu upande wa pili. Badala yake fundi anaandika skripti mbili za akiba zisizotegemea tarehe, moja ya Vipimo na moja ya Mashine. Kwa hiyo jumla ya skripti za kuandika ni 13: 11 zenye tarehe na 2 za akiba.

Kwa nini kuandika kwa safu

Sasa anakaa kuandika. Anaanza na Mashine, zile nne pamoja na ya akiba, kwa mkao mmoja. Skripti zote za Mashine zina kiunzi kimoja: unachokiona, usichopaswa kukigusa, unachoanza kukikagua, unavyorekebisha, na unavyohakikisha. Skripti ya kwanza inamchukua muda kwa sababu anakitafuta kiunzi. Ya pili inateremka. Ya tatu inamwonyesha kasoro ya ya kwanza, naye anarudi kuisahihisha. Angeandika kwa wiki, angeruka kutoka Vipimo kwenda Mashine kwenda Swali, na kila mara angekitafuta kiunzi upya.

Kuandika kwa safu kunafichua pia marudio. Video ya uzi kukatika na ile ya uzi kujikunja zote zinagusa upitishaji wa uzi wa juu. Zikikaa pamoja mezani, fundi anaona mapema: kupitisha uzi kutaelezwa kwa kina kwenye video ya tarehe 18, maana uzi unaojikunja chini mara nyingi chanzo chake ni uzi wa juu uliopitishwa vibaya. Video ya tarehe 11 ibaki na mkazo uliozidi na sindano yenye tundu dogo kuliko uzi. Zikiandikwa kwa wiki mbili tofauti, mtazamaji angesikia somo moja mara mbili.

Ubaya wa njia hii upo, na ni mmoja mkubwa: mianzo inafanana. Mtu anayeandika skripti tano za aina moja mfululizo huanza zote kwa "Leo nitakuonyesha..." bila kujua. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iandikwe mwisho. Skripti zote zikishaisha, chukua karatasi moja, andika mianzo yote 13 kwa kufuatana, uisome kwa sauti. Miwili ikifanana, mmoja ubadilishwe. Mwanzo mzuri unampa mtazamaji tatizo lake mwenyewe katika sekunde tatu za kwanza, kabla kidole hakijapandisha video nyingine.

Asiandike zote kwa siku moja. Skripti za mwisho za siku ndefu hukonda, na dalili yake inaonekana kwenye karatasi: hazina namba, hazina jina la kifaa, hazina tendo la mkono. Zinajaa "hakikisha unafanya vizuri" na "kuwa makini". Ukikuta skripti ambayo ingeweza kusemwa na mtu asiyewahi kushona, hiyo iliandikwa na uchovu. Mikao miwili inatosha: Mashine siku moja, Vipimo na Maswali siku nyingine.

Skripti moja ilivyo

Hii ndiyo skripti ya tarehe 4, maneno yake tu:

"Ukishona, mshono mmoja unashika, unaofuata haushiki. Usiiguse bado ile skrubu ya kukaza uzi. Anza na sindano. Ichomoe, ilaze juu ya kioo au kitu chochote kilichonyooka, uitazame kwa pembeni. Ikiwa imeinama, hata kidogo, itupe. Ikiwa imenyooka, pitisha ncha yake taratibu kwenye kipande cha soksi ya nailoni. Ikikwama, ncha imekufa, itupe pia. Sasa chukua sindano mpya. Kwa kitenge cha kawaida, tumia namba 14. Isukume juu mpaka mwisho, ndipo ukaze. Hapa ndipo wengi wanapokosea: sindano ikibaki chini kidogo tu, ndoano ya mashine haiukuti uzi, na mshono unaruka. Jaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Kama bado inaruka, niandikie aina ya mashine yako."

Ni maneno 97. Je, yanaingia kwenye sekunde 60? Kila mtu ana mwendo wake wa kusema, na njia ya kuujua ni kusoma kwa sauti kwa dakika moja kisha kuhesabu maneno. Fundi wetu husema maneno 110 kwa dakika. Skripti hii itamchukua kama sekunde 53, na sekunde saba zinabaki za mikono kufanya kazi kimyakimya. Skripti ya maneno 130 ingemlazimu akimbie, na somo la mikono haliendi kwa kukimbia.

Anayeweka kalenda yake kwenye Google Sheets anaweza kuacha jedwali limfanyie hesabu. Ikiwa maneno ya skripti yako kwenye seli F2, fomula hii inatoa sekunde kwa mwendo wa maneno 110:

```
=(LEN(TRIM(F2))-LEN(SUBSTITUTE(TRIM(F2)," ",""))+1)/110*60
```

Weka mwendo wako pahali pa 110, na uandike skripti bila kuruka mstari ndani ya seli, kwa kuwa fomula inahesabu nafasi tu. Daftari la kawaida nalo linafaa, mradi maneno yamehesabiwa.

Kando ya safu ya maneno iwepo safu ya picha: simu inaona nini wakati sentensi hiyo inasemwa. "Sindano juu ya kioo, karibu." "Soksi, ncha ikipita." "Skrubu ya sindano ikikazwa." Safu hii ndiyo itakayomwongoza siku ya kurekodi, bila hiyo atakuwa na sauti nzuri na picha ya uso wake tu, wakati mtazamaji alitaka kuiona sindano.

Maneno yanayofungia video kwenye tarehe

Kalenda inafaa pale inapoweza kupangwa upya. Mgeni akija, umeme ukikatika au ugonjwa ukiingia, video ya tarehe 11 inahamia tarehe 25, na ya akiba inachukua nafasi yake. Kinachozuia uhamisho huo mara nyingi ni neno moja ndani ya skripti: "jana", "wiki iliyopita", "kama nilivyosema Jumatatu". Pitia skripti zote ukiyafuta. Hata video isipohamishwa, watazamaji wengi hawazioni kwa mpangilio uliozitoa, na anayekutana na ya tatu kabla ya ya kwanza hapaswi kujiona amechelewa.

Bei nazo zisiingie. Bei ya mita ya kitambaa iliyoandikwa Oktoba inaweza kuwa uongo mwishoni mwa Novemba, na maoni yote yatageuka mabishano ya bei.

Kwa sababu hiyohiyo, kila skripti ipewe namba isiyo na tarehe. Ya kwanza ya Mashine ni `MA-01`, ya pili `MA-02`; za Vipimo ni `VI-01` na kuendelea. Namba hiyo inaandikwa kwenye kalenda na kwenye jina la faili la video. Tarehe inakaa kwenye kalenda peke yake, ili ikibadilika isibadilishwe mahali pengine popote.

Kurekodi na kuweka saa

Kurekodi kunafuata safu vilevile. Asubuhi moja simu inafungwa karibu na mashine na video zote za Jumatano zinarekodiwa, mwanga ukiwa uleule. Siku nyingine jirani anakuja kupimwa, na vipimo vyote vinachukuliwa. Kumpima mwanafunzi kunahitaji mtoto, kwa hiyo kunapangiwa Jumamosi. Kabla ya kuhamisha stendi, fundi anapitia safu ya picha na kutia alama kila picha iliyopatikana. Picha moja iliyosahauliwa inamaanisha kusimamisha kila kitu upya.

Video zikishahaririwa, zinaweza kupakiwa na kuwekewa saa ya kutoka. Kwenye YouTube, hatua ya mwisho ya kupakia ina chaguo la `Schedule`. Video inabaki imefichwa mpaka saa iliyochaguliwa. Faida yake kwa anayetegemea bando ni kwamba anaweza kupakia kadhaa kwa mara moja, usiku au mahali penye mtandao mzuri. Kwenye kalenda aandike saa kama simu inavyoisoma: saa 1 usiku iwe 19:00. Wapo ambao video zao za jioni zimetoka usiku wa manane kwa sababu ya kosa hilo tu.

Video iliyowekewa saa haijui kilichotokea nchini. Ukitokea msiba mkubwa au maombolezo ya taifa, itatoka na muziki wake wa furaha. Kwa hiyo kila jioni kabla ya siku ya video, fundi anaifungua kalenda kwa dakika mbili kuona kama ya kesho bado inafaa. Kuisimamisha ni rahisi. Kuomba radhi baadaye ni vigumu.

Njia hii ina mpaka wake. Anayechambua mechi za ligi au habari za siku hawezi kuandika mwezi kabla. Kwake kinachoweza kutayarishwa ni kiunzi tu. Inawafaa wanaofundisha kitu kisichobadilika wiki hadi wiki: ushonaji, mapishi, kilimo, hesabu, lugha, ufundi wa simu.

Mwisho wa mwezi

Tarehe 30 ikipita, kalenda ya mada za siku inakupa jambo ambalo mwenye kuposti ovyo hana: unaweza kulinganisha vinavyolingana. Usilinganishe Jumatatu na Ijumaa. Watazamaji wake na kazi yake ni tofauti. Zilinganishe Jumatano nne zenyewe kwa zenyewe. YouTube Studio inaonyesha kwa grafu watazamaji wanaondoka kwenye sekunde ya ngapi. Video moja ikipoteza watu kwenye sekunde ya 15 na nyingine tatu zikawashika, tatizo liko kwenye skripti hiyo moja. Zote nne zikiwapoteza mahali palepale, tatizo liko kwenye kiunzi, na pengine ni ile sehemu ya "usichopaswa kukigusa" inayorefushwa mno. Ifupishe kwenye skripti zote za Desemba.

Ukitaka kuanza, usianze na mwezi wala na siku tatu. Chagua siku moja ya wiki, ipe mada, andika mawazo 12, kisha andika skripti nne za siku hiyo kwa mkao mmoja. Zikitoka zote nne kwa tarehe zake, ongeza siku ya pili. Zisipotoka, punguza urefu wa skripti kabla ya kupunguza idadi ya video.